Migomba inakauka Kivu: shule ya shambani ao mesaji ya telefone?

Tangu Goma, kisha Bukavu, zilipotoka mikononi mwa serikali ya Kinshasa mwanzo wa 2025, kazi ya kufundisha wakulima Kivu imepata mapigo mawili kwa mara moja. Banki zilifunga milango, na mwaka ule ule Washington ikafunga USAID. Pesa zikipungua, swali moja linarudi kila proje mpya inapoandikwa: kwa nini tulipe mtu wa kupanda mlima kila juma kukutana na wakulima 25, wakati telefone inaweza kuita watu elfu kumi kwa asubuhi moja?

Swali si baya. Lakini watu wanalijibu kwa ujumla sana, sawa vile mafundisho yote ya kilimo ni kitu kimoja. Sisi tunapenda tulipime juu ya ugonjwa mmoja ambao kila nyumba ya Masisi, Kalehe ao Kabare inaujua: ule mnyauko wa bakteria unaoua migomba, ambao wenye kusema Kinyarwanda wanauita kirabiranya. Ulionekana Masisi mwaka 2001, mwaka ule ule ulipotangazwa Uganda, kutoka hapo ukashuka mpaka Kivu Kusini. Ukiingia, ndizi ya kula inapotea, kasiksi inapotea, na pesa ya minerval ya watoto inaenda pamoja nayo.

Kwanza tuangalie mkulima anapaswa kujua nini. Majani yananyauka na kugeuka manjano. Ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukikata kidole kimoja unakuta ndani rangi ya kutu. Ukikata shina, usaha wa manjano unatoka kisha dakika chache. Ile usaha ndiyo alama kubwa, juu kuna ugonjwa mwingine, wa Panama, ambao nao unageuza majani manjano, lakini wenyewe hautoe usaha na hauozeshe ndizi ndani. Mwenye kuchanganya hayo mawili anakata miti bure, ao anaacha mti wenye kuambukiza wengine.

Kisha kuna kazi yenyewe. Zamani wakulima waliambiwa kung'oa familia yote ya migomba, mama na watoto wake, mpaka mizizi. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na mwenye kula kutoka shamba hilo hawezi kukubali. Watafiti waliofanya majaribio Kivu Kusini pamoja na INERA walionyesha njia nyepesi: bakteria haifike kila mara kwenye watoto wote wa familia, basi unakata tu mti wenye kuonyesha ugonjwa, karibu kabisa na udongo, na wengine unawaacha. Unapita shamba lote kila juma na kufanya vile vile. Panga unalipitisha ndani ya moto kisha kila familia, mpaka liwe na joto la kuua kimelea. Na lile ua la mwisho la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, unalivunja kwa fimbo yenye panda, bila kutumia chuma, mara tu kitana cha mwisho cha ndizi kinapotokea, kwa sababu wadudu wanaleta ugonjwa kupitia pale.

Ukisoma haraka utasema: mambo manne, yanaingia ndani ya mesaji nne. Kumbe shida inaanzia hapo.

Bakteria inaweza kulala ndani ya mti myezi mingi bila kuonekana. Mkulima anakata mti mmoja leo, anafurahi, na kisha majuma matatu mwenzake wa pembeni ananyauka. Yeye atasema nini? Tumesikia maneno hayo mara nyingi: "Nilikata, kiisha ikarudia tena. Batu ba proje banatudanganya." Hakuna aliyemdanganya. Ule mti wa pili ulikuwa umekwisha kuambukizwa mbele ya panga la kwanza. Njia hii inashinda tu kwa mwenye kurudia kila juma, na kurudia kunataka imani. Imani hiyo ndiyo mesaji haiwezi kumpa, kwani mesaji inasema neno lake na kunyamaza siku mkulima anapoona mti wa pili.

Shule ya shambani iliundwa kwa ajili ya shida ya namna hiyo. Ilianza Indonesia mwaka 1989 na FAO, kwa wakulima wa mpunga waliozoea kupiga dawa kila walipoona mdudu, mpaka dawa ikaua hata wadudu waliokuwa wakila adui wa mpunga. Kuwaambia "msipige" hakukusaidia. Walipaswa kuona wenyewe. Ndiyo sababu kikundi cha watu 25 ao 30 kinakutana kila juma, msimu mzima, kwenye vipande viwili vya shamba: kimoja kinatunzwa kwa desturi, kingine kwa njia mpya. Wanahesabu, wanachora kwenye karatasi kubwa waliyoyaona, wanabishana, wanaamua kazi ya juma. Mwenye kuongoza hatoe masomo, anauliza maswali.

Tuiweke kwenye mgomba. Tuseme kikundi kinachagua kipande chenye familia 60, na 15 kati yao zina mti mgonjwa siku ya kwanza. Wanakata hiyo 15, wanaandika. Juma linalofuata wanakuta mingine 9, juma la tatu 11. Hapa watu wananuna, na katika nyumba ya mtu peke yake kazi ingekufa siku ile. Lakini kikundi kina karatasi ukutani, na mwenye kuongoza anauliza: hiyo 11 imetoka familia zipi? Wanaenda kuangalia na kukuta 7 zilikuwa pembeni ya njia ya mbuzi, ambao wanakula majani ya mti mgonjwa na kupita kwa mwingine. Juma la sita wanapata 4, juma la kumi 1. Hesabu hii tumeitunga kwa mfano, lakini mwendo wake ni ule wa majaribio: unapanda kidogo, kisha unashuka, mpaka ugonjwa unabaki mdogo sana shambani. Mtu aliyeona mstari ule ukishuka kwa macho yake hatasema tena amedanganywa.

Lakini shule ya shambani nayo ina kidonda chake, na wapenzi wake hawapendi kukigusa. Wachunguzi waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, kazi iliyotoka 2014, walikuta walioenda shule hizo waliongeza mavuno kadiri ya 13 kwa mia. Vizuri. Ila majirani wao hawakupata kitu. Ujuzi haukuruka uzio. Mwenye kuona kwa macho hawezi kumwonyesha jirani kwa maneno, na hilo ni bei ya njia yenyewe.

Kwa mazao mengine hilo si hatari kubwa. Kwa mnyauko wa migomba ni hatari kabisa. Lokalite yenye nyumba 400 ikiwa na shule moja ya watu 25, nyumba moja tu kati ya 16 inajua. Zile 15 zinabaki na maua ya zambarau yakining'inia, wadudu wanayatembelea na kurudi kwa mwenye kujua. Kufikia wote ingetaka shule 16, mwenye kuongoza kila moja, usafiri wake, karatasi, na amani ya kupita njia kila juma. Hiyo ya mwisho hakuna proje inayoweza kuinunua. Kikundi kikikimbia vita juma la tano, kinaondoka na picha ya wakati ugonjwa ulikuwa ungali juu, na hiyo ni mbaya kuliko kutofundishwa.

Sasa turudie telefone kwa haki. Uchunguzi uliotoka 2019 katika jarida Science, uliokusanya majaribio ya Afrika na India, ulikuta mashauri ya telefone yanaongeza mavuno kadiri ya 4 kwa mia. Ni kidogo, lakini gharama kwa mtu mmoja ni kidogo zaidi, na wanaofikiwa ni wengi. Telefone inafaa sana pale mkulima amekwisha kujua jambo na anahitaji kukumbushwa siku yake. Kuvunja ua la zambarau ni kazi ya namna hiyo: ina wakati wake, haitaki ubishi, na inasaidia zaidi ikifanywa na nyumba zote 400. Sauti iliyorekodiwa kwa Kimashi, Kihunde ao Kinande, inayoingia jioni watu wakiwa nyumbani, ina nafasi hapo. Mesaji ya kuandika ina nafasi ndogo, hasa ikiwa ya Kifaransa.

Hata hapo kuna mitego. Namba iliyoandikishwa mara nyingi ni ya bwana, na mwenye kushughulikia migomba kila siku ni mama. "Bwana yangu iko na telefone, miye siko nayo," neno hilo linatosha kupasua hesabu nzuri za proje. Kisha wanaotuma wanahesabu mesaji zilizotoka, hawahesabu maua yaliyovunjwa. Ukitaka kujua kama telefone inafanya kazi, usiulize kompyuta. Pita njia moja ya kijiji, hesabu mikungu 50 na uone mingapi ingali na ua.

Rwanda wametafuta njia ya katikati juu ya ugonjwa huu huu: programu ya telefone ya kutambua na kutoa habari za mnyauko, ambayo iliwekwa mikononi mwa wahamasishaji wa kijiji waliofunzwa, haikutumwa kwa kila mkulima. Mtu anatembelea shamba, telefone inamsaidia kuuliza maswali yenye mpangilio na kupeleka jibu juu. Rwanda ina wahamasishaji hao katika vijiji vyake, na serikali inayowafuata. Sisi tuna moniteri agrikoli ambao wengi hawajui mshahara ni nini, basi kunakili programu bila watu itakuwa kununua tandiko bila punda.

Kwa maoni yetu, pesa kidogo iliyobaki ingeanza na shule chache, moja kwa kila grupema, zenye kazi moja tu ya kushusha ugonjwa kwenye kipande kinachoonekana kutoka barabarani. Mwenye kuongoza awe mkulima wa hapo hapo, ili vita ikipita asihitaji motokaa ya kurudi. Telefone ije nyuma yake, kisha majuma kumi, na sauti ya mama wa shule ile ambaye majirani wanamfahamu, ikiwaambia nyumba zingine wavunje ua juma hili na waje kuangalia shamba siku ya soko. Na mwenye kuleta proje ya telefone peke yake aulizwe jambo moja mbele ya kupewa sahihi: mkulima akipiga kusema mti umerudia tena kuugua, nani atapokea, na ataenda kuuona?