Ukipandisha bei, mwandikie mteja mapema

Tunaona si vizuri mteja wa miaka mingi agundue bei mpya wakati wa kulipa. Tuseme unapelekea hoteli ya Wote au Kitui mitungi 40 ya maji kila siku. Mwanzoni mwa Agosti, mtumie barua hii:

"Mama, asante kwa kununua kwetu miaka hii yote. Dizeli imepanda. Kuanzia tarehe 1 Septemba mtungi utakuwa shilingi 25, si 20. Hadi tarehe 31 Agosti, bei ni ileile."

Ukisema tu "maisha magumu", atashuku. Bei ya dizeli EPRA hutangaza kila tarehe 14, kwa hivyo ataithibitisha mwenyewe. Nyongeza yako ni shilingi 200 kwa siku. Mwezi mmoja unampa nafasi ya kujipanga, ama mketi mwelewane.