Kipandauso: Usikimbilie miwani nyeusi tii!

Leo nazungumza na nyie ambao kipandauso kikishapanda, mtu akifungua dirisha tu mnapiga kelele kama mmemwagiwa maji ya moto. Nawajua. Dawa yenu ni miwani nyeusi tii, asubuhi mpaka usiku, ndani na nje. Watu wanasema mnajidai, kumbe mwenzao unaumwa.

Sasa nikwambie kitu: kwa mwanga unaoumiza kichwa, shida kubwa siyo ukali wake tu. Rangi nayo imo.

Shangazi yangu analima mpunga Masagati, kule ambako ukishuka treni ya TAZARA pale Mlimba bado safari ipo. Wakati wa palizi maji ya jarubani yanarudisha jua usoni kama kioo. Akitoka huko kichwa kinadunda upande mmoja, anatapika, anajifungia chumbani. Basi akanunua miwani nyeusi Ifakara. Shambani ilimsaidia, sikatai. Balaa lilianza alipoivaa mpaka ndani. Baada ya wiki kadhaa hata taa ndogo ya sola ilikuwa inamchoma.

Sababu yake ni rahisi. Macho huzoea giza. Ukikaa umevaa nyeusi ndani ya nyumba, yanajiweka tayari kunasa kila chembe ya mwanga, na ukiivua tu, mwanga wa kawaida unakuwa moto. Mtaalamu wa macho alimwambia nyeusi ni ya juani tu, pamoja na kofia pana. Ndani aiache kidogo kidogo, leo nusu saa, kesho saa nzima, mpaka macho yarudi kwenye hali yake.

Haya, tuje kwenye rangi. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake siyo kutuonyesha sura za watu. Zinapima mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo, na inaonekana zinachochea maumivu ya kipandauso. Mwaka 2010 watafiti walieleza kuwa hata vipofu wenye kipandauso, ambao hawaoni picha yoyote lakini bado wanahisi mwanga, kichwa chao kinazidi kuuma mwanga ukiwepo. Wale waliopoteza macho kabisa, mwanga hauwadhuru. Seli hizo huamshwa hasa na mwanga wa bluu inayoelekea kijani, karibu na nanomita 480.

Ndiyo maana ipo lenzi inayoitwa FL-41, rangi ya waridi yenye ukahawia kidogo. Ilianza kwa watu waliosumbuliwa na taa za mirija za ofisini, na inapunguza mwanga huohuo wa bluu na kijani. Mwaka 1991 kule Birmingham, Uingereza, watoto 20 wenye kipandauso walipewa miwani, wengine ya waridi hiyo, wengine ya bluu. Mwanzoni makundi yote yalipata nafuu. Baada ya miezi minne walioendelea vizuri ni wa waridi: kutoka mashambulizi 6.2 kwa mwezi hadi 1.6. Watoto 20 ni wachache, kwa hiyo usije ukatangaza kijiweni kuwa miwani inaponya. Inaweza kupunguza, na siyo kwa kila mtu.

Kwa hiyo ya bluu, hata kama inakutoa bomba kwenye picha, achana nayo. Inapitisha kilekile unachokikimbia. Ya kijani nayo isikudanganye. Ni kweli jaribio la mwaka 2016 lilionyesha mwanga wa kijani hauumizi kama rangi nyingine, lakini ule ulikuwa kijani kitupu cha maabara. Kioo cha kijani cha gengeni kinapitisha na rangi nyingine chungu nzima.

Ukiwa mbele ya muuzaji, weka lenzi juu ya karatasi nyeupe mchana. Karatasi iwe na uwaridi wa kahawia. Kisha tazama ndoo ya bluu na nguo nyekundu kupitia lenzi hiyo: bluu inatakiwa ififie zaidi ya nyekundu. Zikibaki sawasawa, hilo ni pambo. Hicho siyo kipimo cha maabara, ila kinakuepusha na vituko. Na usiku usiendeshe gari wala pikipiki umeivaa.

Halafu kuna mwanga unaoumiza ambao hauna uhusiano wowote na kipandauso. Jicho likiwa jekundu na linaona ukungu, au una homa na shingo imekakamaa, au kichwa kimekuja ghafla kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, weka miwani chini uwahi hospitali siku hiyohiyo.