Barua Itangulie Orodha ya Wenye Madeni



Mzazi anapoanguka ghafula kwa kiharusi, vikundi vyetu hukimbilia mchango. Ni vema, lakini mchango hulipa mwezi mmoja, na ugonjwa huo huchukua miezi mingi. Naona kuna kazi ifaayo zaidi: kumsindikiza mama wa nyumba hiyo aiandikie kamati ya usimamizi ya shule, kabla majina ya wenye madeni hayajasomwa mbele ya wanafunzi.

Tuwazie familia moja. Baba, fundi mwashi, amepooza mkono wa kuume mwezi wa kwanza. Mtoto mdogo yumo katika shule ya msingi ya umma, ambako masomo ni bure tangu 2019. Wakubwa wawili wamo sekondari: binti darasa la nne, kaka yake la sita. Kila mmoja anadaiwa dola 60 kwa muhula. Mama anauza mboga. Akihesabu bila kujidanganya, anaweza kutoa dola 10 kwa mwezi.

Barua nyingi huomba huruma tu, kisha hukaa mezani, kwa maana kamati haijui iamue nini. Mama huyu aseme wazi: binti asamehewe dola 60 za muhula huu, kijana asamehewe 30, na 30 zilizobaki zilipwe kwa miezi mitatu. Mwisho wa muhula, hali itazamwe upya. Ahadi hiyo ndogo, inayotimizika, ina uzito kuliko kuapa kulipa yote "Mungu akipenda".

Atenge pia ada ya mtihani wa Serikali wa kijana. Fedha hiyo haibaki shuleni. Hupelekwa mbele, kwa hiyo hata prefe mwenye moyo mwema hana uwezo wa kuifuta. Hapo ndipo mchango wetu ungefaa kuelekezwa.

Barua iambatane na cheti cha hospitali. Kinachohitajika ni kuonyesha kwamba baba hawezi kufanya kazi, na kwa muda gani. Habari nyingine za mwili wake si za kamati, wala si za kutangazwa kanisani baada ya misa, kama tufanyavyo mara nyingine kwa nia njema.

Barua itiwe sahihi na mzazi, si mwanafunzi. Itolewe nakala mbili, na moja irudi nyumbani ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Jibu nalo liombwe kwa maandishi, na nakala yake imfikie mhasibu. Prefe aweza kukubali kwa mdomo siku ya Jumatatu, na Alhamisi mhasibu, asiyejua lolote, akamfukuza binti yuleyule darasani. Basi mmoja wenu aende na mama kwa mhasibu, akaulize kama jina limekwisha kuondolewa katika orodha.