TAFAKARI YA JUMAPILI: Barua ya mchango na maneno yake

Huenda leo baada ya mahubiri katibu wa kanisa lenu atasimama na kusoma barua ya kuomba mchango. Leo tusiangalie kiasi kinachoombwa, tuyaangalie maneno. Wapo watu wanaotajwa ndani ya barua hizo, na mara nyingi wameketi benchi la tatu, wanasikia.

Chukua neno “wafadhili”. Lina undugu na fadhila, na asili yake katika Kiarabu ni jambo la ziada, kile mwenye nacho anachokitoa kwa ukarimu. Si neno baya, ila kwetu fadhila hulipwa. Anayeisahau hutajiwa punda na mateke yake. Basi barua ikisema “tunawaomba wafadhili wawasaidie ndugu hawa”, imeshamwandikia deni anayepokea kabla hajapata hata bati moja. Atadaiwa shukrani, na pengine ukimya siku ya kupinga jambo kwenye kikao.

Mtume Paulo naye aliandika barua ya mchango. Sura ya 8 na ya 9 za Wakorintho wa Pili zote mbili zinahusu fedha za kupeleka kwa waamini wa Yerusalemu. Katika Kigiriki liko neno la kawaida la sadaka kwa maskini, lakini katika nyaraka zake Paulo hauiti mchango ule kwa neno hilo. Linatokea katika Matendo 24:17, pale Luka anaposimulia utetezi wake mbele ya liwali Feliki. Yeye mwenyewe huuita koinonia, yaani ushirika, na diakonia, yaani huduma. Tena hulitumia neno lile lile analolitumia kwa neema ya Mungu.

Kisha anageuza deni. Katika Warumi 15:27 wanaodaiwa ni watoaji: watu wa mataifa walishiriki mambo ya kiroho ya Yerusalemu, kwa hiyo wanawiwa kuwahudumia kwa mambo ya mwili. Na Wakorintho anawaambia kuwa ziada yao ya sasa itafidia upungufu wa wenzao, na ziada ya wenzao itafidia upungufu wao. Wa kwanza anaowatolea mfano ni Wamakedonia, watu waliokuwa maskini, ambao waliomba sana wapewe nafasi ya kushiriki.

Lakini hakuficha hali. Katika Warumi 15:26 anasema wazi kwamba kuna maskini kule Yerusalemu. Nalisema hili kwa sababu siku hizi wapo wanaodhani heshima ni kuzungushazungusha maneno, hata msikilizaji asijue kama watu wanalala nje au wana kiu. Njaa iitwe njaa. Ila “wana njaa” ni habari ya hali yao, na hali hupita. “Wasiojiweza” ni hukumu juu ya mtu mzima mzima.

Tuseme mafuriko yamebomoa nyumba 14 mtaani kwenu, na katibu ameandika hivi: “Tunawaomba wahisani wenye huruma wawaokoe waathirika wasiojiweza, ambao tumaini lao pekee ni ninyi. Toa chochote ulicho nacho.”

Si kweli kwamba tumaini lao pekee ni sisi. Usiku ule ule majirani waliwapokea, na asubuhi wenyewe walikuwa wakichimbua masufuria kwenye tope. Na hilo “toa chochote” ndilo linaloleta magunia ya nguo zilizochanika na viatu vya mguu mmoja. Mpe katibu kalamu aandike upya:

“Maji yamebomoa nyumba 14 za ndugu zetu. Wenye nyumba wamekwisha kufyatua matofali, na mafundi walio miongoni mwao wanajenga. Kilichopungua ni mabati 20 na saruji mifuko 10 kwa kila nyumba, jumla mabati 280 na mifuko 140. Tunachanga pamoja nao hadi Jumapili ya mwisho wa mwezi. Hesabu itasomwa hapa hapa.”

Hakuna neno tamu la kujazia pale. Kitenzi ndicho kilichobadilika: “kuwaokoa” kuna mwokozi na mwokolewa, lakini katika “kuchanga pamoja nao” wenye nyumba wamo, kwa matofali yao na mikono yao. Anayesikia “mabati 20” anaweza kupiga hesabu ya bati moja au mawili bila kujiona mdogo. Na kama kweli hakuna tofali lililofyatuliwa, usiliandike. Sema kazi itaanza lini na nani ataifanya.

Kabla barua haijasomwa, katibu aipeleke kwa wawili watatu kati ya wenye nyumba hizo 14 waisome. Wakitaka neno lifutwe, lifutwe. Picha nazo ni hivyo hivyo: mama aliyepigwa picha akilia kando ya ukuta ulioanguka aulizwe kwanza kama anataka ibandikwe mlangoni mwa kanisa analosali kila Jumapili.