Deni letu linafuata wiki, sambaza zinafuata mwezi

Huku Miti wanafunzi wanatufikia kila mwaka na makaratasi yao. Lwiro iko karibu, Mulungu iko karibu, na Bukavu nayo si mbali. Mmoja anasoma biolojia: anashuka ziwani, anapima urefu wa samaki, anarudi. Mwingine anasoma ekonomia: anakaa kwenye baraza na kutuuliza tunakula mara ngapi kwa siku na tunapata franga ngapi kwa mwezi. Tunawajibu wote wawili vizuri. Lakini hatujaona bado yule anayeuliza maswali hayo mawili kwa nyumba moja na kwa siku moja. Sisi tunaona hapo ndipo kuna kazi ya kufanya, na tunasema hivyo juu ya kosa tulilolifanya wenyewe.

Wengi wetu ni watu wa jembe: maharagwe, muhogo, ndizi, mboga. Lakini katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa kuna mama ambao asubuhi wako shambani na jioni wanauza sambaza. Wanazinunua kwa wavuvi au kwa wachuuzi wanaotoka upande wa Ishungu na Katana, wanazipandisha na kuziuza kwa kopo. Mmoja wao alikopa dola 60, alipe dola 10 mara sita. Alilipa vizuri mwanzoni. Mara ya tano alileta nusu. Mara ya sita hakuleta kitu. Alisema tu: « Mwezi iko inaangaza, samaki haiko. Munivumilie, giza ikirudi nitalipa. » Tulicheka. Tulimwandikia faini, na kuna waliosema kwamba ni mtu wa visingizio.

Baadaye tulikaa na kalenda. Mama alikuwa na haki.

Sambaza si samaki wa asili wa ziwa Kivu. Zililetwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa sababu katikati ya Kivu kulikuwa na chakula kingi na hakuna samaki wa kukila. Chakula hicho ni vidudu vidogo sana vinavyoelea majini. Usiku vidudu hivyo vinapanda juu, na sambaza zinavifuata. Mvuvi anajua hilo: anafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, anashusha wavu chini, anawasha taa juu yake. Vidudu vinakuja kwenye mwanga, samaki wanakuja, wavu unapandishwa.

Sasa, taa ina nguvu pale tu ambapo pengine pote ni giza. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga na samaki hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa moja. Ndiyo maana timu nyingi zinapumzika siku kadhaa karibu na mwezi mpevu. Kutoka ni gharama hata usipopata kitu: taa, betri au mafuta, chakula cha watu.

Mavuno hayakatiki kwa siku moja, na hayarudi kwa siku moja. Kila usiku mwezi unachelewa kutoka kwa karibu dakika 50. Siku tano baada ya mwezi mpevu unatoka karibu saa nne za usiku, kwa hiyo mvuvi ana saa chache za giza mwanzoni. Siku saba baada yake unatoka karibu saa sita za usiku, na nusu ya usiku ni yake. Ndiyo maana bei sokoni inapanda polepole na kushuka polepole.

Hapo ndipo hesabu yetu ilipotudanganya. Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Sisi tunapokea malipo kila Jumamosi ya nne, yaani kila siku 28. Tofauti ni siku moja na nusu tu, na nani angeijali? Lakini inajilimbikiza. Malipo ya kwanza ya mama huyu yaliangukia siku 12 baada ya mwezi mpevu. Wiki iliyotangulia usiku ulikuwa na giza la kutosha, na alikuwa ameuza. Malipo ya pili yaliangukia siku 10 na nusu baada ya mwezi mpevu, ya tatu siku 9, ya nne siku 7 na nusu, ya tano siku 6, na ya sita siku 4 na nusu. Yaani wiki aliyopaswa kutafuta zile dola 10 za mwisho ndiyo wiki ya mwezi mpevu yenyewe. Tulimpangia deni likimtembelea karibu zaidi na njaa kila safari, halafu tukamuuliza kwa nini anachoka.

Mtu wa ekonomia atasema: samaki wakipungua, bei inapanda, basi mapato yanajirekebisha. Kwa mvuvi, kidogo ni kweli. Kwa mama muuzaji si hivyo. Tuseme siku za giza ananunua kopo 10, kila moja franga 2,000, na anauza 2,500. Amepata faida ya franga 5,000. Siku za mwezi anapata kopo 3 tu, ananunua kila moja 3,500 na anauza 3,900, kwa sababu mnunuzi akisikia zaidi ya hapo anapita. Faida yake ni franga 1,200. Bei imepanda sana, lakini yeye amebaki na chini ya robo ya faida yake. Na kwa nini hawezi kuuza kwa bei ya juu zaidi? Kwa sababu pembeni yake kuna ndakala kavu kutoka Uvira. Kule Tanganyika pia wanavua kwa taa, na mwezi ni ule ule, lakini samaki kavu amewekwa ndani ya kiloba tangu siku za giza na anangoja. Yule mwenye samaki kavu ndiye anayekula faida ya mwezi mpevu.

Kuna sehemu nyingine inayotusumbua zaidi, na hii tunaitoa kama swali. Sambaza wadogo wanakulia karibu na ufuko. Kuwakamata hakuhitaji taa wala giza: unavuta mustikere, ile chandarua ya kulalia, kwenye maji ya kina kifupi. Mvuvi mwenye deni wiki ya mwezi mpevu afanye nini? Tunashuku kwamba tarehe za deni zenyewe zinasukuma watu kwenye mustikere. Kama ni kweli, basi kikundi cha mikopo huku juu Miti kinaua samaki ziwani bila kushika wavu.

Hasara yake tuihesabu. Samaki akiongezeka urefu mara mbili huku umbo lake likibaki lile lile, uzito wake unaongezeka mara nane, kwa sababu ananenepa na kupanuka pia. Chukua kilo moja ya sambaza wa sentimita 4. Waache wafike sentimita 8. Kama wote wangeishi, ungekuwa na kilo 8. Bila shaka hawaishi wote. Wengine wanaliwa, hata na sambaza wakubwa wa jamii yao. Tuseme nusu wanakufa: zinabaki kilo 4. Hata wakifa watatu kati ya wanne, unabaki na kilo 2. Ni lazima wafe saba kati ya wanane ndipo aliyevuta mustikere asiwe amepoteza kitu. Na hapo hatujahesabu mayai ambayo wangetaga.

Mvuvi anaijua hesabu hii kuliko sisi. Shida yake ni nyingine. Wale samaki 4 akiwaacha leo, atakayewavua kesho ni jirani. Na sokoni wanapima kwa kopo: mdogo anajaza kopo kama mkubwa. Biolojia inasema ngoja, mfuko unasema kamata. Ukiwa na somo moja tu kati ya hayo mawili, utamwona mvuvi kuwa mjinga, au utaona kwamba samaki hawaishi.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi yenyewe, kwa wanachama na kwa wanafunzi watakaokuja. Daftari moja kwa nyumba kumi zinazouza sambaza, kwa miezi sita. Kila siku ya soko: tarehe, kopo ngapi zimenunuliwa, kwa bei gani, zimeuzwa kwa bei gani. Samaki kumi waliochukuliwa bila kuchagua, wapimwe kwa rula ya mwanafunzi. Malipo ya deni yameletwa yote, nusu, au hapana. Siku za mwezi hazihitaji kuandikwa. Zitahesabiwa baadaye kutoka kwenye tarehe.

Pembeni yake, nyumba kumi ambazo hazigusi samaki, za muhogo na mboga tu, na deni lile lile. Bila hizo daftari halina maana. Kama watu wa muhogo nao wanashindwa kulipa Jumamosi zile zile, basi si mwezi; labda ni minervali ya watoto, labda ni mvua iliyokata barabara. Tena lazima kufananisha mwezi mpevu na giza la kipindi kile kile. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kiangazi unachanganya maji ya ziwa na kupandisha mbolea iliyokaa chini, vidudu vinaongezeka, na sambaza zinapata chakula. Ukifananisha mwezi mpevu wa Agosti na giza la Aprili, unaweza kuona mwezi haufanyi kitu, kumbe ni upepo umekuficha.

Na urefu wa wale samaki kumi ndio utajibu swali la mustikere. Kama siku za mwezi mpevu samaki wanakuwa wafupi, na hasa kama wanakuwa wafupi zaidi karibu na Jumamosi ya malipo, tutajua. Kama urefu haubadiliki, tutaondoa shaka yetu na kuomba msamaha kwa wavuvi pia.

Kuna wanachama wanaopinga. Wanasema kubadilisha tarehe kwa ajili ya wauza samaki ni upendeleo, na kesho muuza makaa naye atataka yake. Si neno baya. Lakini muuza maharagwe tayari ana yake: mkopo wa mbegu unalipwa baada ya mavuno, na hakuna aliyewahi kuuita upendeleo. Mavuno ya sambaza yanakuja kila siku 29 na nusu. Ni hilo tu.

Kwa duru inayoanza, wauza sambaza wataleta malipo Jumamosi ya kwanza baada ya usiku wa giza kabisa, hata kama safari moja ni wiki nne na nyingine ni tano. Mweka hazina amelalamika kwamba itamharibia mistari ya kitabu chake. Faini ya yule mama tumeirudisha.