Mifuko 18 imekwenda wapi?

Anayeitwa kwenye usaili wa umeneja wa shamba la kuku wa mayai pale Tumbi, Kibaha, mara nyingi hujiandaa kwa kukariri ratiba ya chanjo na kutafuta maneno mazuri ya kueleza uaminifu wake. Ratiba ya chanjo imebandikwa ukutani stoo, na uaminifu kila msailiwa anao. Vyeti navyo havikosekani Kibaha, mji ambao tangu 1963 umekuwa na mradi wa nchi za Nordiki uliojumuisha shule, hospitali na kituo cha kufundishia wakulima, ndio huu unaoitwa leo Shirika la Elimu Kibaha. Kinachopungua ni watu wanaoweza kukaa na kalamu wakaeleza shamba linakula nini na linarudisha nini.

Kwa hiyo tunampa msomaji swali moja la kujipima nalo. Shamba lina kuku 1,000 wanaotaga. Mwezi uliopita wametumia mifuko 90 ya chakula, kila mmoja kilo 50. Wewe ndiye meneja mpya. Unasemaje?

Msailiwa aliyejiandaa anaanza na kuku mmoja. Kuku wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku, hivyo 1,000 wanakula kilo 120, sawa na mifuko 72 kwa mwezi wa siku 30. Mifuko 90 ni sawa na gramu 150 kwa kuku. Kwa joto la Pwani, ambalo humfanya kuku apunguze kula, gramu hizo hazikubaliki kirahisi. Kuna mifuko 18 inayodai maelezo.

Hapo swali la bajeti limeshaingia bila kuitwa. Bei hazitulii, lakini kwa mfano tuseme mfuko ni shilingi 60,000 na trei ya mayai inauzwa 7,500 shambani. Trei ni mayai 30 na mwezi ni siku 30, kwa hiyo idadi ya mayai ya siku ndiyo idadi ya trei za mwezi. Kuku wakitaga mayai 800 kwa siku, unauza trei 800, shilingi milioni 6. Chakula cha mifuko 72 kinachukua 4,320,000. Mishahara, dawa, maji, umeme na trei zenyewe tuziweke 900,000. Mwenye shamba anabaki na 780,000. Sasa ongeza ile mifuko 18, yaani 1,080,000, faida yote imekwisha na amechomoa 300,000 mfukoni.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kikomo cha shamba. Bila mifuko hiyo 18, matumizi ya 5,220,000 yanahitaji trei 696 kuyalipa. Chini ya mayai kama 700 kwa siku, shamba linakula mtaji. Msailiwa akiitaja namba hiyo bila kuombwa, tungemwajiri kabla chai haijapoa.

Tukirudi kwenye mifuko yetu, jibu linalosikika haraka ni kwamba vijana wa banda wanaiba, basi wakatwe mshahara. Hilo ni jibu baya mara mbili. Kwanza, wizi ni sababu mojawapo tu. Mfuko unaweza kufika ukiwa pungufu, na dawa yake ni mizani mlangoni, gari likiwa bado lipo. Vyombo vinaweza kujazwa hadi ukingoni, kuku wakaparua chakula kikaishia kwenye maranda. Vikijazwa theluthi, upotevu unapungua, na ukiinama chini ya chombo utauona kwa macho. Panya wanaacha vinyesi nyuma ya mifuko. Na chakula chenye nguvu kidogo, kilichojazwa pumba, humfanya kuku ale zaidi ili ajitosheleze. Kabla ya kumtaja mtu, meneja apime, ahesabu stoo, achungulie.

Pili, sheria haimruhusu kukata atakavyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, aelezwe kwa maandishi chanzo chake na kiasi chake, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Sheria hiyohiyo inaweka saa za kawaida 45 kwa wiki, siku zisizozidi sita, na mapumziko ya saa 24 kila wiki. Kuku hawajui Jumapili, kwa hiyo shamba lenye kijana mmoja anayelala hukohuko na kufanya kazi siku saba linaweza kuwa linavunja sheria hata kama anaonekana ameridhika. Kazi ya siku ya mapumziko hulipwa mara mbili. Msailiwa aje na zamu alizokwisha kuzipanga kwenye karatasi, na kima cha chini cha mshahara akiangalie kwenye amri inayotumika sasa, asitegemee alicholipwa mwaka juzi.

Kumbukumbu ndizo zitakazosema ukweli wa mifuko ile. Kadi ya banda haihitaji mambo mengi: kuku waliopo, waliokufa, mayai, yaliyovunjika, kilo za chakula, lita za maji, dawa iliyotolewa. Stoo ina daftari lake na mtu mwingine wa kulijaza. Kilichokuwepo, jumlisha kilichoingia, toa kilichobaki, unapata kilichotumika. Kama kadi za banda zinasema mifuko 72 na stoo inasema 90, chakula hakikufika bandani. Kama zote zinasema 90, tafuta kwenye vyombo, panya na ubora wa chakula.

Safu ya maji wengi huiacha wazi, nasi tunaona ndiyo yenye faida kuliko zote. Kuku hunywa takriban mara mbili ya uzito wa anachokula, na zaidi kukiwa na joto. Maji yakishuka ghafla, huenda ugonjwa umeingia au bomba limeziba, na utalijua hilo kabla mayai hayajapungua. Usailini unaweza kupewa kadi ya zamani uisome. Angalia kama vifo ni kimoja kila siku, kama mayai yote yanaishia na sifuri, kama mwezi mzima umeandikwa kwa mkono mmoja na wino mmoja. Kadi ya namna hiyo ilijazwa siku moja kabla ya bosi kuja.

Waajiri nao wana lao. Mwenye shamba anayeuliza, “Udhaifu wako ni upi?” anapoteza asubuhi yake, ampe msailiwa kadi, kalamu na nusu saa.

Na msailiwa asiondoke bila kuuliza kuku wana wiki ngapi. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na kwa kawaida huuzwa akifikisha wiki 72 hadi 80. Mpaka yai la kwanza, kila mmoja ameshakula kilo saba hadi nane, kwa hiyo kuku 1,000 wanamaliza mifuko kama 150 bila kurudisha hata shilingi. Ukiambiwa waliopo wana wiki 70 na hakuna vifaranga wanaokuzwa kwenye banda la pili, shamba linaelekea miezi kadhaa bila mayai. Uliza mshahara wa miezi hiyo utatoka wapi, na jibu liandikwe kwenye mkataba.