Notsi za beshte: Ziulize maswali manne kabla ya kuzikariri

Wiki mbili kabla ya mtihani, simu yako inajaa picha za daftari za watu. Mmoja anatuma kurasa 40 kutoka Uthiru, mwingine anazituma mbele kwa grupu nzima, na kufikia jioni kuna msee amezitoa fotokopi pale Moi Avenue na kuzibana kwa pini. Mwandiko ni msafi, vichwa vimepigwa mstari mwekundu. Unaziamini.

Hapo ndipo shida huanzia. Mimi niliacha chuo, lakini mabeshte zangu wengi Kangemi na Kawangware wanasomea uhasibu, na kila msimu wa mtihani mezani kwao hakukosi notsi za mtu mwingine. Sina neno na kugawana notsi. Ninachopinga ni kuzipima kwa uzuri wa mwandiko. Daftari safi laweza kuwa na kosa lililonakiliwa vizuri sana. Tuchukue somo la kodi, kwa sababu humo makosa hayajifichi ukijua pa kutazama.

Swali la kwanza: Notsi hizi ni za mwaka gani?

Tafuta tarehe juu ya ukurasa. Ikikosekana, yaliyomo yatakusaidia. Ukiona mshahara unakatwa NHIF, ujue ziliandikwa kabla ya Oktoba 2024, kwani SHIF ndiyo iliyochukua nafasi yake, kwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Ukiona VAT ya asilimia 14, hizo ni za 2020, mwaka ambao serikali iliishusha kutoka 16 kwa miezi michache wakati wa korona kisha ikairudisha.

Notsi za zamani zina hatari yake hasa kwa kuwa zilikuwa sahihi siku zilipoandikwa. Mwenyewe alipita mtihani nazo, kwa hivyo atakuapia kwamba hazina kosa. Na hasemi uongo.

Swali la pili: Hesabu iliyofanywa humo, ukiifanya tena inatoka vilevile?

Usiisome hesabu kwa macho tu. Funika jibu, chukua karatasi, uifanye mwenyewe. Hebu tufanye moja, kwa viwango vya mwaka wa 2025. Mfanyakazi analipwa Sh50,000 kwa mwezi. NSSF ni Sh3,000, SHIF ni Sh1,375, na ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ni Sh750. Tangu Desemba 27, 2024, hizo zote tatu hutolewa kwanza, kabla ya kodi kuhesabiwa. Kinachobaki ni Sh44,875.

Sasa PAYE. Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani Sh2,400. Sh8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, yaani Sh2,083.25. Zinabaki Sh12,542, ambazo kwa asilimia 30 ni Sh3,762.60. Jumla ni Sh8,245.85. Ondoa nafuu ya Sh2,400 ambayo kila mfanyakazi hupewa kwa mwezi, na PAYE inakuwa Sh5,845.85.

Ikiwa notsi za beshte zinakupa Sh6,483.35, usirukie kusema hajui hesabu. Tofauti ni Sh637.50. Jumlisha SHIF na ushuru wa nyumba upate Sh2,125, kisha utoe asilimia 30 yake. Ni Sh637.50 kamili. Maana yake alitoa NSSF peke yake kabla ya kodi, akaziacha zile mbili zikatwe mwishoni, kama ilivyokuwa ikifanywa kabla ya sheria kubadilika. Kosa lake liko kwenye mpangilio wa hatua, na litarudi katika kila mfano wa mshahara uliomo humo.

Kuna kosa jingine dogo zaidi. Tuseme ameandika Sh12,452 badala ya Sh12,542. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, jambo linalotokea sana mtu akinakili haraka ubaoni. Wahasibu wana mbinu ya zamani ya kulinasa: tofauti ya namba hizo mbili hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Hapa tofauti ni 90. Ukipata hali hiyo, anza kushuku kunakili kabla ya kushuku kanuni. Lakini usiifanye ushahidi kamili, kwani makosa mengine pia huangukia kwenye mafungu ya 9 kwa bahati tu.

Swali la tatu: Kuna maneno mawili yanayofanana ambayo yamechanganywa?

Kwenye VAT, mtego ni huu: kuna bidhaa zinazotozwa asilimia sufuri, na kuna zile zilizosamehewa kabisa. Mnunuzi haoni tofauti, kwa sababu kote halipi VAT. Ndiyo maana wengi huziandika kama kitu kimoja. Lakini mkate wa kawaida umo kwenye asilimia sufuri, na mwokaji aliyesajiliwa anaweza kudai arudishiwe VAT aliyolipa akinunua vifaa vya kazi. Matibabu yamesamehewa, kwa hivyo hospitali haiwezi kudai VAT iliyolipa ikinunua vitu vya kutoa huduma hiyo.

Basi ukifika ukurasa huo, tafuta sentensi moja tu: ile inayosema nani anaweza kudai na nani hawezi. Ikiwa haipo, mwandishi hakuielewa tofauti, au aliondoka darasani mapema kuwahi matatu. Fanya hivyo kwa kila jozi ya maneno pacha, na uangalie pia palipoandikwa "isipokuwa". Neno hilo likianguka wakati wa kunakili, kanuni inageuka kichwa chini.

Swali la nne: Nakala nyingine ulizonazo zilitoka wapi?

Watu watatu wakiwa na jibu moja, unahisi umethibitisha. Subiri kwanza. Kama wote walinakili daftari lilelile, una shahidi mmoja mwenye sauti tatu. Linganisha makosa, usilinganishe majibu sahihi. Jibu sahihi watu hulifikia kila mmoja kivyake, lakini kosa moja la ajabu, kama ile 12,452, likitokea katika daftari tatu, basi zilizaliwa nyumba moja.

Shahidi wa kweli ni sheria yenyewe. Iko bure kwenye kenyalaw.org, na viwango vya PAYE viko kwenye tovuti ya KRA. Kisha chukua karatasi ya mtihani uliopita wa Kasneb. Mtihani wa kodi huchapisha viwango vya kutumia mwanzoni, kwa hivyo kukariri namba kunakusaidia kidogo kuliko unavyodhani. Kinachokuuma ni mpangilio wa hatua, na huo ndio wa kukagua zaidi kwenye notsi za mtu.

Huna muda wa kukagua kurasa 40? Chagua tano kutoka sehemu mbalimbali. Ukikuta kosa la kunakili, lirekebishe uendelee, ila kila hesabu uifanye upya. Ukikuta kosa la kanuni kwenye mada moja, weka mada hiyo yote kando uisome kwenye sheria au kitabu. Ukiyakuta kwenye mada mbili, achana na hizo notsi, hata kama umezilipia fotokopi.

Halafu mwambie mwenyewe. Mtumie picha ya ukurasa ukiwa umezungushia kosa na kuandika hesabu sahihi kando. Naye ataingia chumba kilekile cha mtihani na wewe, na kama hajui, atakuwa bado anazituma kwa wengine.